Namna ya Kumkumbusha Rafiki Deni Dogo

Deni kubwa lina njia yake. Sheria ya Mikataba ya Uganda ya mwaka 2010 yataka mapatano ya zaidi ya shilingi 500,000 yaandikwe, na mwenye karatasi hana haja ya kuona haya. Huitoa mfukoni, nayo husema kwa niaba yake. Lakini shilingi elfu kumi na mbili ulizomkopesha mwenzako mkiwa mmesimama stendi hazina karatasi wala shahidi. Zilitoka kwa maneno, na hapana budi zirudi kwa maneno. Basi yafaa tuyachunguze maneno hayo, maana wengi huyakosea, na akosaye hupoteza vitu viwili kwa mara moja, fedha na rafiki.

Sisi wa Kimaka tuna shida ya pekee katika jambo hili. Kiswahili kilikuja kwetu pamoja na askari. Zamani za ukoloni askari wa Keya walikuwa na kambi yao hapa Jinja, na hata leo Kimaka pana chuo cha maofisa wa jeshi. Kwa hiyo masikio mengi ya Jinja yamezoea kusikia Kiswahili kikiamuru: Simama! Njoo! Leta! Mtu akitaka kumkumbusha mwenzake deni, na akachagua Kiswahili ili wasielewe wale wa kabila jingine waliokaa karibu, mara nyingi neno la kwanza kumtoka ni “Leta pesa yangu.” Mwenyewe hakukusudia ubaya, ila aliyeambiwa amesikia amri ya kwata.

Tazameni jinsi lugha yenyewe inavyotupa njia nyingine. “Leta” ni amri tupu. “Uniletee” ni ombi, maana kitenzi kimeishia kwa -e, na mwenye kuomba ameonekana ndani yake kwa ile -ni-. “Naomba uniletee” ni laini zaidi. Lakini “ungeniletea” mimi siipendi kwa deni, maana yaonyesha kana kwamba jambo lenyewe ni la kubahatisha, na mdaiwa aweza kuliacha lipite. Deni si la kubahatisha. Upole wa maneno ni kitu kimoja, na kuficha neno lenyewe ni kitu kingine.

Kisha kuna “yangu”. Ukisema “pesa yangu” umechora mstari kati yenu, huku mimi na mali yangu, huko wewe. Afadhali useme “zile”. Neno hili dogo, “zile”, hutumika kwa kitu ambacho msemaji na msikilizaji wote wawili wanakijua. Ukisema “zile elfu kumi na mbili za nauli”, hukumshtaki mtu kwamba amesahau. Umemchukulia kuwa anakumbuka kama wewe. Na kwa kuzitaja kuwa ni za nauli umemrudisha kwenye siku ile aliposhukuru, wala hukumpeleka mahakamani. Lakini kiasi lazima kitajwe. Mtu akisema “kile kitu chetu” au “ile mambo yetu”, mwenzake huweza kudhani ni elfu kumi, naye mwenyewe akamaanisha kumi na mbili, na hapo ugomvi wa elfu mbili huzaliwa mahali ambapo hapakuwa na ugomvi.

Sasa natuchukue mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho. Wavulana wawili wako kidato cha tano katika shule ya bweni, mmoja wa Kimaka, mwingine wa Mbale. Siku ya kufunga muhula wa pili, mwezi wa Agosti, wanafika stendi ya teksi Jinja. Njia ya Mbale ni ndefu, hupita Iganga na Tirinyi, na yule wa Mbale akihesabu anaona nauli imempungukia shilingi 12,000. Wa Kimaka, ambaye kwao ni karibu, anampa. “Tukifungua nitakulipa,” asema wa Mbale, na teksi inaondoka.

Hapo kuna kosa la kwanza, ingawa halionekani. “Tukifungua” si siku. Muhula wa tatu una wiki nyingi, na zote ni “tukifungua”. Wahenga walisema ahadi ni deni, lakini ahadi isiyo na siku ni deni lisilojua lini lizaliwe. Kama wa Kimaka angeuliza palepale, “Ni wiki ile ya kwanza, au wazazi wakija kututembelea?” swali hilo lisingekuwa zito hata kidogo, maana wakati wa kukopa ndio wakati ambapo mkopaji hujibu kwa moyo mwepesi.

Likizo yapita. Je, amwandikie ujumbe kwa simu? Hapa nawaonya wenzangu kwa nguvu. Wanafunzi wengi hutumia simu za wazazi. Ukituma ujumbe wa deni kwa simu ya baba yake, aliyeusoma kwanza ni baba, na labda mwenzako hakumwambia kwamba nauli ilipungua kwa sababu alinunua soda na chapati njiani. Umemkumbusha deni, lakini pia umemfitini nyumbani kwake. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, Waisraeli waliagizwa kwamba mwenye kukopesha asiingie nyumbani mwa mwenzake kuchukua rehani. Asimame nje, mpaka mwenyewe amletee. Nadhani simu ya mzazi ni nyumba. Tusimame nje.

Shule inafunguliwa mwezi wa Septemba. Wiki mbili zapita, kimya. Siku ya wazazi imetangazwa kuwa Jumapili ya wiki ya nne. Wa Kimaka aseme lini? Wengi husubiri siku yenyewe, maana wanafikiri kwamba hapo ndipo fedha zipo. Sivyo. Jumapili hiyo mwenzake atakuwa na mama na wadogo zake, na kumwita kando mbele yao ni aibu. Jumatatu nayo imechelewa, maana fedha zimekwisha gawanywa: sabuni, karatasi, kantini. Wakati mzuri ni siku nane au kumi kabla, ili mdaiwa aweze kupiga simu kwao kwa simu ya shule na kuomba mapema. Deni hukumbushwa kabla fedha haijafika, wakati bado haina kazi nyingine.

Na mahali? Si mezani wakati wa kula, wala si bwenini. Utani wa deni mbele ya watu ni mbaya kuliko hasira, kwa kuwa mdaiwa hulazimika kucheka huku ameumia. Wawe wawili tu, wakitembea, tuseme kutoka darasani kwenda kuchota maji. Watu wakitembea hawatazamani usoni, nayo hupunguza uzito. Basi aseme:

“Ndugu, zile elfu kumi na mbili za nauli ya Mbale, naomba unirudishie wazazi wakija. Nataka kununua kitabu cha hesabu. Siku hiyo utaweza?”

Maneno hayo yana kiasi, yana siku, yana sababu, na yanaishia kwa swali. Sababu iwe ya kweli. Nimesikia wanaobuni mama mgonjwa, na wengine hufanya hila ya kumwomba mdaiwa wao mkopo wa kiasi kilekile, ili wakipewa wasirudishe. Hila hiyo huleta fedha mara moja, lakini mwenzako akiitambua hatakuamini tena hata ukiwa na shida ya kweli. Na lile swali la mwisho ndilo la maana kuliko yote, kwa kuwa humpa mwenzako nafasi ya kusema “sitaweza” bila kukimbia.

Sasa sikilizeni jibu, maana jibu hueleza mtu wa namna gani amesimama mbele yenu. Aliyesahau hushtuka: “Lo! Nilisahau kabisa!” Huyo amemalizika, msimwongezee neno. Anayekumbuka lakini hana, huanza kueleza mambo yake bila kuulizwa. Yule wa Mbale aweza kujibu, “Nazikumbuka, ndugu, hata nakuonea haya. Lakini kahawa yetu bado haijauzwa.” Anayejua Bugisu ajua kwamba hilo si lazima liwe hila, nyumba nyingi za mteremko wa Mlima Elgoni hupata fedha kahawa inapovunwa, si kabla. Wa tatu husema “kesho” tu, na siku ya pili huzunguka nyuma ya jengo asikutane nawe.

Kwa yule mwenye shida, Kurani katika sura ya Baqara yaamuru angojewe mpaka apate wepesi, na sisi wa shule ya misheni hatukosi kukubali. Lakini kungoja kusiwe kimya. Wa Kimaka aseme, “Si neno. Elfu nne wazazi wakija, elfu nne mwezi wa Oktoba, na nne tukifunga. Itafaa?” Kisha kila mmoja aandike katika daftari lake mwenyewe, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Ile elfu nne ya kwanza ndiyo ngumu. Aliyekwisha kulipa mara moja haoni haya tena kukutana nawe.

Wakubaliane pia juu ya njia, kama sehemu ya mwisho italipwa wakiwa likizoni kwa pesa za simu. Anayepokea hukatwa ada ya kutoa, na juu yake kodi ya serikali ya asilimia 0.5, iliyowekwa mwaka 2018 baada ya ile ya asilimia 1 kupigiwa kelele nchini. Kwa elfu nne kodi ni shilingi 20 tu, ila ada ya wakala ni zaidi. Anayelipa aongeze pesa ya kutolea, au wakubaliane kwamba watangoja mpaka shule ifunguliwe. Jambo hili hujadiliwa kabla ya kutuma. Baadaye huonekana uchoyo.

Na huyu wa tatu, wa “kesho”? Akumbushwe mara ya pili, kwa maneno yaleyale, wala sauti isipande. Mwulize tarehe: “Kesho ipi, ndugu? Jumatano?” Baada ya hapo mimi naona kuna mlango mmoja tu. Msamehe, lakini msamehe kwa kinywa: “Zile za nauli ziache, zimekwisha.” Watu wengi husamehe moyoni kimya, wakidhani wametenda wema, kumbe mwenzao bado anazunguka nyuma ya jengo kila akiwaona, kwa kuwa hajui kwamba deni limekufa. Akisikia, atarudi kupita njia ya kawaida. Akija kukopa tena mwambie huna ya kukopesha, na hiyo nayo iseme kwa upole uleule, mkiwa wawili.