Muhtasari Upimwe kwa Maswali

Ninapofupisha somo refu siandiki neno la muhtasari kabla ya kuandika maswali. Nalisoma somo lote, kisha naorodhesha maswali ambayo muhtasari, hata ukipunguzwa vipi, lazima uendelee kuyajibu. Pembeni ya kila swali naandika jibu fupi kutoka kwenye somo lenyewe.

Tuchukue somo la kipindupindu cha Soho, London, mwaka 1854. Orodha yangu ina maswali matano. Daktari John Snow alishuku nini? Maji ya pampu ya mtaa wa Broad. Alitegemea ushahidi gani? Vifo vingi vilitokea karibu na pampu hiyo. Nani waliishi au kufanya kazi karibu nayo wakasalimika? Wafanyakazi wa kiwanda cha bia, ambao hawakuyanywa maji yake. Nani waliamua mpini wa pampu uondolewe? Viongozi wa parokia, baada ya kumsikiliza Snow. Je, hatua hiyo ndiyo iliyomaliza maradhi? Hilo haliwezi kusemwa kwa uhakika, kwa sababu wakazi wengi walikuwa wamekwisha kimbia na wagonjwa walikuwa wakipungua.

Sasa napunguza kwa mizunguko: maneno 300, kisha 100, kisha 40. Baada ya kila mzunguko nafunga kitabu na kujibu maswali yote kwa kutumia muhtasari peke yake. Ni bora zaidi ajibu mwenzangu ambaye hajalisoma somo, maana mimi naweza kujaza pengo kwa kumbukumbu bila kujijua. Majibu tunayalinganisha na orodha ya mwanzo, si na muhtasari uliotangulia.

Kila jibu hupata alama moja kati ya tatu: lipo, halipo, au limepotoka. Kwenye maneno 100, kwa mfano, kiwanda cha bia huweza kutoweka. Hapo jibu halipo, nami naamua: nirudishe maneno machache, au nilifute swali hilo kwa makusudi. Mimi hulirudisha, kwani bila watu waliosalimika ushahidi wa Snow unapungua nguvu.

Jibu lililopotoka ndilo la kuogopwa. Muhtasari ukisema, “Snow aliondoa mpini na kipindupindu kikaisha,” unasomeka vizuri, lakini swali la nne na la tano yote yamejibiwa kinyume cha somo. Kilichokatwa ni maneno madogo yanayoonyesha mtendaji na kiasi cha uhakika, na ndiyo hukatwa kwanza kwa kuwa yanaonekana mapambo. Kwa hiyo kila orodha iwe na swali la “nani hasa?” na la “kwa uhakika gani?”

Kumbuka pia kwamba orodha hailindi jambo ambalo hukuliuliza. Maswali yakishaandikwa, usiyalegeze ili muhtasari ufaulu. Yakishindwa kuenea katika maneno 40, basi somo hilo linahitaji 60.