Kitufe cha Simu Kinapofungua Kamera au Kupiga 999 Kimakosa

Asubuhi ya baridi mjini Eldoret, mhudumu wa bodaboda huvaa jaketi nzito na glavu kabla ya kutoka Langas kuelekea katikati ya jiji. Simu yake huwa mfuko wa ndani, imebanwa kati ya nguo na kifua. Barabara ikiwa na matuta, kitufe cha kuwasha simu husukumwa na kuachiliwa mara kwa mara. Akifika stejini anaitoa simu na kukuta kamera imefunguka, betri imepungua, na picha kadhaa za giza la mfuko zimehifadhiwa. Siku nyingine anakuta jambo zito zaidi: simu inahesabu sekunde ikijiandaa kupiga nambari ya dharura.

Mambo hayo mawili hutokana na kitufe kimoja, lakini ni njia mbili tofauti za mkato. Anayezichanganya huenda akazima ile inayoweza kuokoa maisha na kuacha ile inayomsumbua kila siku.

Simu inahesabu nini

Katika mfumo wa Android, kitufe kikibonyezwa mara mbili ndani ya takriban theluthi moja ya sekunde, kamera hufunguka hata kama simu imefungwa kwa nambari ya siri. Kikibonyezwa mara 5 mfululizo, kila mara ikifuata iliyotangulia kwa muda usiozidi takriban nusu sekunde, simu huelewa kwamba mwenyewe yuko hatarini na huanzisha huduma iitwayo Emergency SOS. Huduma hiyo imekuwa sehemu ya Android tangu toleo la 12, ingawa baadhi ya simu za zamani za Samsung zilikuwa na yao iliyotumia idadi tofauti ya mibonyezo.

Kwa hivyo mfuko unaobana si chanzo pekee. Simu inapokwama na skrini kubaki nyeusi, wengi hubonyeza kitufe haraka haraka kwa kukosa subira. Mibonyezo miwili inatosha kuita kamera, na mitano inatosha kuita dharura. Kava iliyokaza juu ya kitufe, au vumbi lililoingia pembeni yake, huleta matokeo yale yale bila mkono wa mtu.

Kuzima njia ya mkato ya kamera

Hii inaweza kuzimwa bila wasiwasi, kwani kamera bado itafunguka kwa kugusa alama yake kwenye skrini.

Mhudumu huyo akiwa na simu ya Samsung, anafungua "Settings", kisha "Advanced features", kisha "Side button", ambayo katika simu za awali huitwa "Side key". Hapo ataona "Double press" na swichi yake. Akiizima, kubonyeza mara mbili hakutafungua kitu. Akipenda, anaweza kuiacha ikiwa imewashwa na kuchagua ifungue programu nyingine badala ya kamera, ila mfukoni itafunguka kimakosa vile vile.

Katika simu nyingi nyingine za Android, njia ni "Settings", "System", kisha "Gestures", na kipengele chenyewe huitwa "Quickly open camera". Simu za Tecno, Infinix, Itel na Xiaomi hupanga menyu zao kwa namna zao. Badala ya kupekua ukurasa baada ya ukurasa, mwenye simu anafungua "Settings", anagusa alama ya kutafuta iliyo juu, na kuandika neno "power" au "camera". Orodha fupi itatokea na kipengele hicho huwa miongoni mwake.

Kwa wenye iPhone, kubonyeza kitufe cha pembeni mara mbili hakufungui kamera, bali huhusiana na kadi za malipo. Kinachowahusu zaidi ni sehemu ifuatayo.

Dharura: kubadilisha kabla ya kuzima

Katika Android, kipengele hiki kiko "Settings", kisha "Safety & emergency", kisha "Emergency SOS". Kabla ya kuzima swichi, inafaa kutazama mambo mawili yaliyo ndani. La kwanza ni sauti ya onyo wakati wa kuhesabu sekunde. Ikiwashwa, simu italia kwa nguvu kabla ya kupiga, na mwenyewe atapata nafasi ya kuitoa mfukoni na kukatiza. La pili ni nambari itakayopigwa. Simu nyingi huruhusu ibadilishwe, kwa hivyo mtu anaweza kuweka ya mwenzi wake au jirani anayeaminika, ili simu ikijipiga kimakosa apokee mtu anayemjua. Baadhi ya simu pia hutoa chaguo la kugusa na kushikilia skrini ndipo simu ipigwe, hatua ambayo mfuko ni vigumu kuitimiza.

Kwenye iPhone, "Settings" ina sehemu iitwayo "Emergency SOS". Swichi ya "Call with 5 Button Presses" ndiyo ya kuzima kwa mtu anayesumbuliwa na mibonyezo mitano. Iliyo karibu nayo, "Call with Hold and Release", hutumika kwa kushikilia vitufe na inaweza kubaki imewashwa.

Hata mibonyezo mitano ikizimwa kabisa, nambari 999 na 112 bado zinaweza kupigwa kupitia neno "Emergency" lililo kwenye skrini iliyofungwa.

Simu ikishapiga

Mwezi Juni 2023, polisi nchini Uingereza walitangaza kwamba laini za 999 zilikuwa zimelemewa, na wakataja mabadiliko ya mfumo wa Android kuwa sababu mojawapo. Simu nyingi zilikuwa za kimya: mtu hakujua kwamba amepiga, au alijua akakata kwa hofu. Mpokeaji hawezi kujua kama kimya hicho ni mfuko wa jaketi au ni mtu aliyezibwa mdomo, na kila simu ya namna hiyo humchukulia muda wa kufuatilia.

Kwa sababu hiyo, aliyegundua simu imeshapokelewa hapaswi kukata. Anasema tu: "Samahani, nimepiga kimakosa, hakuna dharura," anajibu maswali akiulizwa, kisha anaaga.

Iwapo tatizo halijaisha

Baada ya mabadiliko, mhudumu wetu anavua kava na kuilaza simu mezani kwa dakika kumi bila kuigusa. Ikitulia, kava au mfuko ndio uliokuwa ukibonyeza. Skrini ikiwaka na kuzima yenyewe, au menyu ya kuzima simu ikitokea bila mtu, kitufe chenyewe kimekwama na hakuna mpangilio utakaokitibu. Anaweza kuzima simu na kupangusa pembeni ya kitufe kwa brashi laini iliyo kavu. Maji na pini havifai, kwani huingiza unyevu au kutoboa mpira unaozuia vumbi. Kikiendelea kukwama, ni kazi ya fundi.

Mpangilio huu unafaa kuangaliwa tena kila simu inapopokea toleo jipya la mfumo, kwa kuwa toleo jipya linaweza kuleta njia ya mkato ambayo haikuwepo awali.