Treni Imegeuka Basi: Namna ya Kusafiri Njia ya Reli Inapokarabatiwa Ujerumani

Kijitabu hiki tumekiandika kwa ajili ya Waswahili wanaoishi Ujerumani au wanaokuja kuwatembelea ndugu zao. Hapa njia za reli zinafungwa mara kwa mara ili zifumuliwe na kujengwa upya, na treni inapositishwa abiria hupelekwa kwa basi. Huduma hiyo huitwa Ersatzverkehr au Schienenersatzverkehr, kwa kifupi SEV. Hayo ndiyo maneno ya kuyatafuta kwenye mabango, kwenye skrini na kwenye kioo cha mbele cha basi.

Ukarabati huo si wa siku mbili tu. Njia ya Riedbahn, inayounganisha Frankfurt na Mannheim, ilifungwa kabisa kuanzia Julai hadi katikati ya Desemba 2024. Karibu kilomita 70 za njia zilirekebishwa kwa mkupuo mmoja: reli, nyaya za umeme, mitambo ya ishara, hata majukwaa. Kwa miezi hiyo mitano, mtu wa Gernsheim au Biblis aliyezoea treni ya kwenda kazini alipanda basi. Mabasi 150 hivi yalipakwa rangi ya zambarau ili yatambulike kwa mbali, na madereva takriban 400 wakatafutwa, wengine kutoka nje ya Ujerumani.

Basi linasubiri wapi

Wengi hukwama hapa. Mwenzetu mmoja alisimama mbele ya mlango wa stesheni kwa dakika arobaini, mtoto mgongoni, akiamini kwamba basi la treni litakuja palipo na treni. Upande wa pili wa reli, ng'ambo ya njia ya chini kwa chini, mabasi mawili yalikuwa yamepakia na kuondoka. Hakuwa mzembe. Aliyeweka bango alilibandika kwenye jukwaa, naye hakupita jukwaani kwa sababu aliambiwa treni hakuna.

Kituo cha basi la SEV huchaguliwa kwa kutazama basi, si kwa kutazama abiria. Basi refu lenye kiungo katikati lina urefu wa mita 18, na stesheni nyingi za vijijini zina kiuchochoro ambacho basi hilo likiingia haliwezi kugeuza. Kwingine uwanja wa mbele umejaa mabasi ya kawaida ya mji na teksi, au kuna daraja la chini ambalo basi la ghorofa halipiti. Kwa hiyo kituo husogezwa hadi barabara kubwa iliyo jirani, pengine mwendo wa dakika tano au zaidi kwa miguu. Ukiwa na masanduku, zihesabu dakika hizo mara mbili.

Kitafute kituo siku moja kabla ya safari. Fungua programu ya DB Navigator, andika safari yako, kisha bonyeza ile sehemu yenye alama ya basi ili usome jina la kituo. Jina la stesheni peke yake halitoshi. Angalia neno la ziada, kama vile jina la mtaa. Ukifika, soma tangazo la ukarabati lililobandikwa kwenye ubao wa ratiba, kwani mara nyingi lina ramani ndogo. Stesheni nyingine huchora nyayo au mishale sakafuni. Zifuate mpaka mwisho. Ukiwa tayari kituoni, hakikisha uko upande sahihi wa barabara. Basi la kwenda na la kurudi huweza kusimama yakitazamana, na jina la kituo ni lilelile.

Jambo jingine la kujua ni kwamba mahali basi linapoegeshwa si lazima pawe mahali linapopakia. Sheria inamtaka dereva apumzike baada ya saa kadhaa za kuendesha, naye huegesha pembeni, taa zimezimwa na milango imefungwa. Ukiliona basi la namna hiyo, usilikimbilie wala usigonge kioo. Simama penye nguzo ya kituo; litakufuata hapo.

Usiamini rangi peke yake. Treni inapokatizwa ghafla, kwa mfano mti umeangukia nyaya, kampuni ya reli huomba mabasi popote yanapopatikana. Linaweza kuja basi la watalii lenye picha za milima, na alama pekee ni karatasi yenye herufi SEV nyuma ya kioo. Soma karatasi hiyo na jina la mwisho wa safari kabla hujapanda.

Kwa nini basi huondoka mapema

Tuseme treni yako ya kawaida huondoka 07:12, yaani saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi kwa saa zetu. Unaona kwenye programu kwamba basi linaondoka 06:47. Si kosa. Basi ni la polepole kuliko treni, na mwisho wa sehemu iliyofungwa kuna treni nyingine inayoondoka saa ileile ya siku zote. Mpangaji amehesabu kurudi nyuma kutoka treni hiyo, akapata 06:47. Ukifika kituoni 07:05 kwa mazoea, utapanda basi la pili na kuikosa treni ya kuunganisha.

Usishangae pia dereva akikataa kupakia watu wa kusimama ilhali ndani kuna nafasi. Nchini humu basi lenye abiria waliosimama haliruhusiwi kuzidi kilomita 60 kwa saa nje ya mji. Basi la moja kwa moja linalopita barabara kuu ya kasi likipakia wa kusimama, ratiba yake yote inavunjika. Uliza kama kuna la pili linakuja nyuma. Kwenye saa za msongamano mara nyingi lipo.

Tiketi, mizigo na kiti cha magurudumu

Tiketi yako ya treni ya mkoa hutumika kwenye basi la SEV bila nyongeza, na Deutschlandticket vilevile. Baiskeli huna uhakika nayo: nafasi ni ya kigari cha mtoto na kiti cha magurudumu kwanza. Anayetumia kiti cha magurudumu apige simu mapema kwenye kituo cha reli cha kusaidia wasafiri wenye ulemavu, aulize kama basi la siku hiyo lina sakafu ya chini, maana mabasi ya dharura hayana kila mara.

Ukichelewa kufika mwisho wa safari kwa dakika 60 au zaidi, unastahili kurudishiwa asilimia 25 ya nauli ya safari hiyo. Ukichelewa dakika 120, asilimia 50. Kinachohesabiwa ni ratiba iliyokuwapo uliponunua tiketi. Kama basi lilikwishaandikwa kwenye ratiba siku hiyo, mwendo wake wa polepole hauhesabiwi kuwa ucheleweshaji. Wenye Deutschlandticket hupata yuro 1.50 kwa kila safari iliyochelewa dakika 60, lakini malipo hutolewa yakifika angalau yuro 4, kwa hiyo kusanya safari tatu kisha uzipeleke pamoja. Una miezi mitatu ya kudai. Ndani ya programu tafuta neno Fahrgastrechte, na siku ya tukio piga picha ya skrini ya stesheni yenye maneno Zug fällt aus, ikionyesha saa.