Dondoo muhimu: Ukijitoa kwenye marathoni

Waandikie waandaaji mara tu unapojua hutakimbia, kabla namba za kifuani hazijachapishwa. Zikishachapishwa, ni vigumu nafasi yako kupewa mwingine. Soma kwanza masharti ya usajili: mbio nyingi hazirudishi ada, ila baadhi huruhusu mbadala hadi tarehe fulani. Kisha andika hivi:

"Habari za kazi. Naomba kujitoa kwenye mbio za kilomita 21. Jina langu, namba ya usajili na namba ya muamala ni hizi hapa. Je, ada hurudishwa? Kama hairudishwi, naomba mdogo wangu achukue nafasi, au nihamishiwe mwaka ujao."

Tafadhali, usimpe mtu namba yako ya kifuani kimyakimya. Akizimia njiani, wahudumu watasoma taarifa zako na kuwapigia ndugu zako, si wake.