Dondoo muhimu: Vidonge vya maji na vipimo vyake

Ukiandikiwa kidonge cha maji kama indapamidi au klorthalidoni kwa shinikizo la damu, iwe Tunduma au Vwawa, omba upimwe sodiamu, potasiamu na figo kabla ya kuanza, halafu tena baada ya wiki 2 hadi 4.

Wazee wembamba ndio nawahofia zaidi. Chukulia bibi wa miaka 72: sodiamu yake ilikuwa 138, wiki ya tatu ya dawa ni 126. Ana kichefuchefu, anayumba, anasahau majina ya wajukuu. Nyumbani watasema malaria au uzee, wamnyweshe maji mengi, na maji hayo huishusha sodiamu zaidi. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na vidonge vyake mkononi.

Potasiamu ikishuka chini ya 3.5, misuli hukaza au kulegea, na moyo unaweza kwenda mbio. Kuhara nako huishusha, hivyo dereva anayetumia dawa hizi akishikwa na kuhara akisubiri kuvuka kwenda Nakonde, amwone mhudumu kabla ya kumeza dozi inayofuata.

Dawa hizi pia huifanya figo ibakize asidi ya yuriki. Kama umewahi kuugua jongo, sema mapema. Kidole gumba cha mguu kikivimba na kuuma ghafla, rudi kliniki.