Shilingi kwenda kwa dalali wa hisa ng'ambo

Swali: Nina duka la vifaa vya ujenzi Mapinga. Nikituma 2,600,000 kwa dalali wa hisa Marekani, zitafika ngapi?

Jibu: Tuchukue mfano: benki inakuuzia dola kwa 2,600 na kuinunua kwa 2,500. Unapata dola 1,000. Ada ya kutuma ikiwa 40, na benki ya kati ikikata 20, kwa dalali zinaingia 940. Ukizirudisha bila kununua hata hisa moja, zikakatwa 20 tena njiani, unapokea shilingi 2,300,000. Laki tatu zimeishia njiani, na laki karibu moja imetokana na pengo la bei ya dola tu, ambalo halionekani kwenye risiti ya ada. Ada za kutuma hazipungui hata ukituma kiasi kidogo, kwa hiyo kutuma kidogo kidogo kila mwezi ni hasara.

Kutoa nako kuna foleni. Tangu Mei 2024, mauzo ya hisa Marekani hukamilika siku moja ya kazi baadaye; ndipo uhamisho wa benki huanza, nao huchukua siku kadhaa. Jina la akaunti lisipolingana na la benki, fedha hurudishwa. Kabla ya yote, iulize benki yako kuhusu kibali cha Benki Kuu.