Ng'ombe Aliyekufa Ghafla Asichunwe: Mwongozo kwa Mlaji Kuhusu Kimeta

Nyakanazi ni njia panda. Barabara zinazokutana katika eneo hilo huelekea Kigoma, Kahama, Biharamulo na, kupitia Lusahunga, Ngara hadi mpaka wa Rusumo. Ng'ombe hupita humo wakienda minadani, na nyama huuzwa kandokando kwa wasafiri na wenyeji. Katika mazingira hayo, mnyama aliyekufa usiku anaweza kuwa kitoweo cha watu wengi kabla ya jua kuzama. Makala hii inaeleza kwa nini mnyama wa namna hiyo hapaswi hata kutobolewa ngozi, seuze kuliwa.

Jambo lililotokea jirani

Mwishoni mwa mwaka 2023, ugonjwa wa kimeta ulithibitishwa katika Wilaya ya Kyotera, nchini Uganda, ambayo inapakana na Mkoa wa Kagera. Ng'ombe walikuwa wakifa ghafla, na baadhi ya wakazi waligusa au kula nyama ya ng'ombe hao. Watu waliugua kwa kuvimba na kutokwa na vidonda, na vifo viliripotiwa. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilitaja pia Kenya, Malawi, Zambia na Zimbabwe miongoni mwa nchi zilizopatwa na kimeta.

Mzoga mzima na mzoga uliopasuliwa

Kimeta husababishwa na bakteria. Ng'ombe huwapata anapokula majani au udongo wenye vimelea hivyo. Bakteria huzaliana kwa wingi katika damu, na mara nyingi mnyama aliyeonekana mzima jioni hukutwa amekufa asubuhi.

Ndani ya mzoga ambao haujapasuliwa, bakteria hao hawana maisha marefu. Hewa haifiki walipo, na uozo unaoanzia tumboni huwaua wengi wao katika siku mbili au tatu. Lakini kisu kinapopita na damu kumwagika, bakteria hukutana na hewa na kujigeuza kuwa mbegu ngumu ziitwazo spora. Spora hazifi kirahisi kwa jua, ukame wala mvua. Hukaa udongoni kwa miongo mingi zikimsubiri mnyama mwingine atakayelisha mahali hapo.

Kisiwa cha Gruinard, nchini Skotilandi, ni mfano wa kudumu kwake. Wanasayansi wa kijeshi wa Uingereza walifanyia majaribio ya kimeta kisiwani humo mwaka 1942. Kisiwa hakikutangazwa kuwa salama hadi mwaka 1990, tena baada ya udongo wake kunyunyiziwa dawa kali. Mfugaji hana uwezo wa kusafisha malisho yake kwa njia hiyo. Kinga yake ni kuuacha mzoga ukiwa mzima.

Mtego wa kuwahi kuchinja

Watu wengi wanajua kwamba kibudu hakiliwi. Hatari kubwa zaidi imo katika desturi ya kuwahi: ng'ombe anaanza kuyumba, anahema kwa shida, na mwenyewe anamchinja haraka ili asipate hasara yote. Nyama hiyo huonekana halali kwa kuwa mnyama alichinjwa akiwa hai. Kwa kimeta, tofauti hiyo haina maana. Damu ya mnyama aliye karibu kufa ndiyo iliyojaa bakteria kuliko wakati wowote, na kumchinja ni kuimwaga yote ardhini.

Tuchukue mfano. Fahali anayumba saa kumi na moja alfajiri, anachinjwa, na kufikia saa nne nyama imegawanywa kwa kaya kumi, ngozi imeuzwa na utumbo umetupiwa mbwa. Waliochuna wana michubuko mikononi. Vimelea hupenya humo. Baada ya siku chache mmoja wao anaona kipele kinachowasha, ambacho hugeuka lengelenge, kisha kidonda chenye gaga jeusi katikati na uvimbe pembeni. Kwa kawaida kidonda hicho hakiumi, na kwa sababu hiyo wengi huchelewa kwenda kutibiwa. Aliyekula huweza kupata maumivu makali ya tumbo, homa, kutapika na kuhara damu. Hali hiyo huua upesi zaidi. Kuchemsha nyama si suluhisho: spora huweza kustahimili moto wa kawaida wa jikoni, na aliyeikata nyama hiyo ameshaigusa kabla haijafika chunguni.

Dalili za kutilia shaka

Mshuku kimeta ng'ombe, mbuzi au kondoo anapokufa ghafla bila kuugua kwa muda mrefu. Mara nyingi damu nyeusi isiyoganda hutoka puani, mdomoni au sehemu ya haja kubwa, tumbo huvimba haraka, na mwili haukakamai kama mizoga mingine. Dalili hizi huweza zisionekane zote. Kifo cha ghafla peke yake kinatosha kumfanya mtu asishike kisu.

La kufanya

Kwanza, usiuguse mzoga, usiuburute na usiruhusu mtu auchune. Ufunike kwa turubai au matawi ya miiba, na uweke mlinzi wa kuzuia mbwa, fisi na ndege. Ondoa mifugo mingine mahali hapo.

Pili, toa taarifa mara moja kwa mwenyekiti au mtendaji wa kijiji na kwa afisa mifugo wa kata, ambaye atawasiliana na daktari wa mifugo wa Halmashauri ya Biharamulo au Ngara. Mtaalamu ndiye atakayechukua sampuli ndogo ya damu kwa ajili ya maabara bila kuupasua mzoga.

Tatu, mzoga uteketezwe chini ya usimamizi wa mtaalamu. Kuuchoma hadi ubaki majivu ndiyo njia bora panapokuwa na kuni za kutosha. Pasipokuwa na kuni, uzikwe palepale ulipoangukia, katika shimo lenye kina cha angalau mita mbili, mbali na kisima na mkondo wa maji. Udongo uliolowa damu nao uchomwe au uzikwe humo. Watu wengi wamezoea kumwaga chokaa shimoni, lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2008 hauishauri, kwa kuwa kalisi iliyomo husaidia spora kudumu. Wanaofanya kazi hiyo wavae glavu, buti na barakoa.

Nne, mifugo iliyobaki ichanjwe kwa maelekezo ya mtaalamu. Chanjo ina vimelea hai vilivyodhoofishwa; mnyama akidungwa antibaotiki siku hizohizo, chanjo hupoteza nguvu. Hurudiwa kila mwaka katika maeneo yenye historia ya kimeta.

Ikiwa umeshagusa au kula

Nawa kwa sabuni na maji mengi, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama huna dalili, na umweleze mhudumu kwamba ulishika au kula nyama ya mnyama aliyekufa ghafla. Bila maelezo hayo, kidonda cha kimeta huweza kudhaniwa kuwa jipu. Kidonda kikitibiwa mapema kwa antibaotiki, karibu wagonjwa wote hupona. Unaweza pia kupiga namba 199 ya Wizara ya Afya bila malipo.

Buchani

Nunua nyama yenye muhuri wa mkaguzi. Nyama inayopitishwa nyumba kwa nyumba kwa bei ya chini kupita kiasi, au ambayo muuzaji hawezi kusema ilichinjwa wapi, usiinunue. Mjulishe afisa mifugo. Bei yake huwa ndogo kwa sababu muuzaji anataka iishe kabla ya mtu kuuliza mnyama alikufaje.